Simu iliyolala miezi 11 haiwaki: betri ya lithiamu inaamshwaje, na wakati gani iachwe

*Habari fundi. Niliondoka Tanga kwenda Maskati kikazi, simu yangu ya Android nikaiacha nyumbani ndani ya sanduku. Siku ya safari niliitumia mpaka ikazima yenyewe kwa kuisha chaji. Nimerudi baada ya miezi 11, nimeichomeka usiku kucha, haiwaki wala haionyeshi alama ya chaji. Betri ni ya ndani, haitoki, imeandikwa 5000 mAh. Fundi wa mtaani anasema ataishtua kwa umeme iamke. Humo kuna picha na sauti za WhatsApp ambazo sina mahali pengine popote. Nikubali?*

Usikubali, dada yangu, angalau si leo. Na hizo picha zisikukoseshe usingizi, kwa sababu hazikai kwenye betri. Ziko kwenye chipu ya kumbukumbu iliyogandishwa kwenye bodi, na chipu hiyo haihitaji umeme ili kushika ilichonacho. Miezi 11 bila chaji si kitu kwake. Hata betri yako ikiwa imekufa kabisa, fundi atafunga nyingine, simu itawaka, na picha utazikuta palepale.

Kinachoweza kukupotezea picha ni bodi kuungua. Simu za Android za miaka ya karibuni hufunga data zake kwa ufunguo unaotengenezwa ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo haiwezekani kung'oa ile chipu na kuisoma kwenye mashine nyingine. Bodi ikifa, data imekwenda nayo. Sasa angalia unachoombwa ukubali: umeme usiopimwa upite karibu na bodi, ili kuokoa betri, ambayo mpya yake inauzwa dukani. Hesabu hiyo haikai sawa.

Tuanze na kilichotokea ndani ya sanduku, maana ndicho kinachoamua la kufanya.

Simu inapoandika asilimia 0 na kuzima, betri haijafika chini. Ni kama tangi la maji ambalo bomba lake limefungwa juu kidogo ya sakafu: maji yameacha kutoka bombani, lakini chini bado yamo. Betri ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2, nyingine 4.4 na ushei. Simu huzima ikiwa na volti kama 3.3 au 3.4. Hapo imebaki akiba ndogo, na akiba hiyo ndiyo iliyoingia sandukuni na wewe ukapanda ndege.

Simu iliyozimwa nayo hula umeme. Saa ya ndani inaendelea kutembea, saketi inayosubiri kidole chako kwenye kitufe iko macho, na kibodi cha ulinzi, yaani kile kibao kidogo cha saketi kilichoshonwa kichwani mwa betri, kinafanya kazi yake. Mbali na hivyo, betri yenyewe hupoteza chaji taratibu hata ikiwa haijaunganishwa na kitu, na joto huongeza kasi ya upotevu huo. Tupige hesabu ya kukadiria. Tuseme saketi za simu iliyozimwa zinakula miliampea 0.1. Kwa saa 24, mara siku 30, ni miliampea-saa 72 kwa mwezi. Upotevu wa betri yenyewe tuuweke asilimia 1 na nusu kwa mwezi, yaani 75 kwa betri ya 5000. Jumla ni karibu 150 kila mwezi. Akiba iliyobaki baada ya asilimia 0, tukiikadiria kuwa 200, inaisha ndani ya miezi miwili. Miezi tisa iliyofuata betri yako imekaa kwenye eneo ambalo haikutengenezwa kukaa.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha mambo yangekuwaje ungeizima ikiwa na nusu ya chaji. Ungekuwa na 2500, na kwa 150 kila mwezi zingekutosha zaidi ya mwaka. Simu zinazofia sandukuni mara nyingi ni zile zilizotumika mpaka tone la mwisho kabla ya kuwekwa.

Volti ikiendelea kushuka, ikifika kama 2.5, kile kibodi cha ulinzi kinakata mawasiliano kati ya betri na simu. Volti hasa ya kukatia inategemea chipu iliyotumika, lakini nyingi ziko kati ya 2.4 na 2.8. Kuanzia hapo, simu haioni betri kabisa. Ukipima kwenye kiunganishi cha betri utakuta sifuri au karibu na sifuri, na wapo mafundi ambao hapo hapo hutangaza kuwa betri imekufa. Huenda haijafa. Mlango tu umefungwa, na seli iliyo nyuma yake inaweza kuwa na volti 2.4. Kibodi kikishakata, nacho hulala na hakili tena ila kiasi kidogo mno, ili kuipa seli muda. Lakini upotevu wa seli yenyewe hausimamishwi na kibodi chochote.

Sasa tuingie ndani ya seli. Humo kuna karatasi mbili ndefu za madini zilizoviringishwa pamoja, na kati yake utando mwembamba wenye vitundu. Upande chanya ni karatasi ya alumini. Upande hasi ni karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti. Betri ikiwa na chaji, lithiamu imejipanga ndani ya grafiti. Ikiisha, lithiamu inahama kwenda upande wa pili. Katika matumizi ya kawaida, grafiti haiachwi tupu kabisa, na lithiamu iliyobaki ndiyo inayoituliza ile shaba. Seli ikishushwa chini ya volti 2, na zaidi ikikaribia 1.5 kwenda chini, grafiti imebaki tupu na shaba inaanza kuyeyuka ndani ya kimiminika cha betri. Haionekani, haitoi sauti, na betri haibadiliki umbo.

Ubaya unajitokeza unapoichaji. Shaba iliyoyeyuka inarudi kuganda, lakini hairudi kwenye karatasi ilikotoka. Inaganda ovyo juu ya grafiti, pengine kwa ncha zinazoota kuelekea kwenye utando. Ncha moja ikipenya, pande mbili za betri zinagusana kwa ndani. Mguso ukiwa mdogo, utaona betri inayomaliza chaji haraka na kupata moto kidogo ikiwa haifanyi kazi. Ukiwa mkubwa, seli inajipasha yenyewe mpaka inatoa moshi na moto. Na si lazima itokee siku ya kuamshwa; inaweza kutokea wiki kadhaa baadaye, simu ikiwa chini ya mto wako. Ndiyo maana swali la betri iliyolala si "itaamka?" peke yake. Betri nyingi zinaamka. Swali ni ilishuka hadi volti ngapi, na ikakaa huko muda gani.

Kazi ya nyumbani sasa, na ianze kwa macho kabla ya waya. Weka simu juu ya meza bapa, uso juu, kisha igeuze. Ikiwa inabembea, kioo kimeinuka ukingoni, au mfuniko wa nyuma umeacha uwazi, betri imevimba. Inuse pia: harufu tamu ya kemikali, ya kukaribiana na ile ya kuondolea rangi ya kucha, ni ya kimiminika cha betri kinachovuja. Ukikuta lolote kati ya hayo, usiichomeke tena hata dakika moja. Usiibonyeze irudi, wala usiitoboe kuitoa hewa. Hapo betri ni ya kubadilishwa tu, na fundi aitoe bila kuikunja.

Kama iko sawa, mulika tochi kwenye tundu la chaji. Tanga ni pwani, na hewa ya chumvi kwa miezi 11 inatosha kuotesha kutu ya kijani kwenye pini. Vumbi la nguo za sandukuni nalo hujaa humo na kuzuia waya usiingie mpaka mwisho. Toa uchafu kwa kijiti cha meno kikavu, polepole, bila kukwangua pini ya katikati. Sindano ya chuma iache kwenye kikapu chake.

Halafu chaja. Watu hukimbilia chaja kubwa kuliko zote, wakidhani betri iliyolala inahitaji nguvu nyingi. Simu ndiyo inayoamua ichukue kiasi gani, na ikikuta betri iko chini ya volti 3 hivi, inachukua kidogo sana kwa makusudi, makumi ya miliampea hadi mia chache, mpaka volti ipande. Kwa hiyo chukua chaja ya kawaida ya ukutani, ya volti 5 na ampea 1 au 2, yenye tundu pana la USB la zamani, na waya wa Taipu C unaojua kwa hakika kuwa unachaji simu nyingine. Chaja za kisasa zenye Taipu C pande zote mbili husubiri kwanza kutambuana na simu ndipo zitoe umeme, na simu isiyo na uhai wakati mwingine haijibu.

Pawa benki iweke kando kabisa. Nyingi hujizima zikiona umeme unaochukuliwa ni mdogo, kwa kudhani simu imejaa. Betri iliyolala inachukua kidogo, pawa benki inajizima baada ya nusu dakika, na wewe unalala ukijua simu iko kwenye chaji kumbe hakuna kinachoingia. Sola ndogo za mezani nazo zina tabia ya kupanda na kushuka kila wingu likipita, na kila ikishuka simu inaanza upya. Usiku ule uliochomeka ulitumia nini? Kama ni pawa benki, basi jaribio lenyewe bado halijafanyika.

Ichomeke mchana, ukiwa nyumbani na macho yako. Iweke juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na pazia na kitanda, bila kava. Usiguse kitufe cha kuwasha. Hapa ndipo watu wanapojiharibia: kila dakika tano wanabonyeza, simu inajitahidi kuwaka, na kale kachaji kalikoingia kanaliwa na jaribio la kuwaka. Iache saa moja bila kuigusa. Kioo cheusi katika nusu saa ya kwanza hakimaanishi kitu, kwani kuwasha kioo kunahitaji umeme mwingi kuliko unaoingia wakati huo. Kisha pitisha kiganja mgongoni mwa simu. Uvuguvugu mdogo karibu na tundu au bodi ni wa kawaida. Joto linaloongezeka katikati, mahali betri ilipo, maana yake ni kuchomoa na kutoka nayo nje.

Baada ya saa moja, ikiwa bado kimya, chomoa, subiri dakika chache, chomeka tena. Kuna sababu. Saketi ya kuchaji ina saa yake ya usalama: ikitoa umeme mdogo kwa muda fulani bila kuona volti ikipanda hadi kiwango chake, inakata tamaa na kusimama. Kuchomoa na kuchomeka kunaianzisha upya. Fanya hivyo mara moja, mbili. Zikipita saa nne au tano za kuchaji bila dalili yoyote, kuendelea hakutasaidia. Jaribu pia kushika kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 20 hivi, mara moja tu, simu ikiwa kwenye chaji. Ipo simu iliyo na chaji ya kutosha lakini programu yake imeganda, na hiyo huiamsha.

Kuna kifaa kidogo ambacho ningependa uazime au ununue kwa fundi yeyote wa vifaa: kimita cha USB, kinachokaa kati ya chaja na waya na kuonyesha volti na ampea. Kinakuondolea kubahatisha. Kikisoma ampea 0.00 muda wote, umeme hauingii kabisa. Shida inaweza kuwa waya, tundu la chaji ambalo mafundi wetu huliita sistimu chaji, au bodi. Betri bado haijahukumiwa. Kikisoma kati ya 0.05 na 0.2 na kutulia hapo, hiyo ndiyo chaji ya kuamshia. Iache iendelee, mambo yanakwenda vizuri. Ikipanda hadi 0.5 au zaidi, betri imevuka kizingiti na alama ya chaji itatokea karibuni. Na ikipanda na kushuka kila sekunde chache bila kuacha, simu inajaribu kuwaka na kuanguka, mara nyingi ukiona nembo inatokea na kupotea. Hali hiyo inasema betri inaonyesha volti lakini haina nguvu ya kuibeba simu. Bonyeza kitufe cha kuzima ukiweza, au iache kwenye chaja bila kuigusa. Wakati mwingine inajikusanya. Ikizunguka hivyo zaidi ya saa moja, ipeleke kwa fundi.

Na fundi wa kumpelekea ni yule mwenye vitu viwili mezani: mita, na pawa saplai yenye skrini ya volti na ampea inayoweza kuwekewa kikomo. Mwombe apime kabla ya kufanya lolote, na akutajie namba. Atafungua mgongo, atachomoa kiunganishi cha betri kutoka kwenye bodi, na atapima mara mbili: kwanza kwenye kiunganishi, kisha kwenye ndimi mbili za seli yenyewe, nyuma ya kibodi cha ulinzi. Kipimo cha pili ndicho cha maana.

Nikupe mfano wa simu iliyowahi kupita mezani kwangu, inayofanana na yako: betri ya 5000, imelala kwa miezi kadhaa. Kiunganishi kilisoma volti 0.3, seli ikasoma 2.31. Haikuwa imevimba. Betri ikiwa imetengwa na bodi, niliiweka kwenye pawa saplai iliyofungwa volti 4.2 na kikomo cha ampea 0.1, nikipitisha umeme kwenye kiunganishi ili upite ndani ya kibodi cha ulinzi, si kwa kukikwepa. Ampea 0.1 kwa betri hiyo ni asilimia 2 tu ya uwezo wake kwa saa; ni polepole mno, na ndivyo inavyotakiwa. Kidole kikawa juu ya seli. Ndani ya dakika 20 hivi volti ikafika 3.0, na kibodi kikafungua mlango chenyewe. Nikakata umeme, nikaiacha ipumzike saa nzima. Ikashuka hadi 2.95 na kusimama. Kusimama huko ndiko nilikokuwa nakusubiri: seli inayovuja kwa ndani haisimami, inaendelea kushuka kurudi ilikotoka. Baada ya hapo niliirudisha kwenye simu, ikachajiwa kwa chaja yake ya kawaida.

Ingekuwa imesoma 1.2, nisingeigusa. Kanuni inayotumiwa na wengi katika kazi hii ni kwamba seli iliyokaa chini ya volti 1.5 kwa wiki moja au zaidi haiamshwi, hata kama inakubali chaji. Kati ya 1.5 na 2 mimi binafsi siiamshi simu ya mtu ailaze karibu na kichwa chake. Nitaiamsha kwa jambo moja tu, nalo ni kutoa data pale betri mpya ya mfano huo isipopatikana, juu ya meza, nikiwa nimekaa mbele yake, na baadaye betri inatupwa. Kwa wewe, baada ya miezi 11 kutoka asilimia 0, sishangai ikikutwa 2.2, wala sishangai ikikutwa 0.8. Inategemea kibodi kilikata mapema kiasi gani na sanduku lilikaa kwenye joto gani. Kama lilikuwa juu ya kabati chini ya bati, jiandae kwa jibu la pili.

Sasa huko kushtua. Kinachofanyika mara nyingi ni kugusisha nyaya mbili kutoka kwenye betri ya volti 9, betri ya pikipiki, au chaja iliyokatwa kichwa, moja kwa moja kwenye ndimi za betri, sekunde kadhaa, mpaka volti iruke. Hakuna kikomo cha ampea hapo. Kinachoingia ni kile ambacho chanzo kinaweza kusukuma. Volti inayoruka ni ya juujuu. Ukiondoa nyaya inashuka, naye anagusa tena. Ikiwa shaba ilishayeyuka, umeme mkubwa wa ghafla ndio unaoiotesha vibaya zaidi. Akikosea chanya na hasi, au akigusa kiunganishi kikiwa bado kwenye bodi, volti 9 au 12 zinaingia kwenye saketi iliyotengenezwa kwa 4.4, na hapo ndipo picha zako zinapokwenda. Wengine hukiruka kibodi cha ulinzi kwa sababu kinakataa chaji. Baadhi ya vibodi vimetengenezwa vikatae kwa makusudi seli ikiwa karibu na sifuri. Kukataa kwake ni jibu, na ni jibu sahihi. Zile chaja za kubana betri pembeni, zinazoitwa kobe, nazo hazina kikomo cha kuaminika. Zilitusaidia enzi za betri za kutoka, lakini betri hii si ya kuipeleka huko.

Betri ikiamka, ijaribu kabla ya kuiamini. Ijaze, zima simu, iache usiku mzima na nusu ya siku inayofuata, kisha iwashe uone asilimia. Kupungua moja au mbili ni sawa. Ikiwa imepoteza 10 ikiwa imezimwa, inavuja kwa ndani, ibadilishe. Wiki mbili za mwanzo usiichaji ukiwa umelala. Uwezo wake hautakuwa wa zamani hata ikiwa salama; kulala chini kunakula sehemu ya ngozi nyembamba inayolinda grafiti, na kuijenga upya kunatumia lithiamu ambayo hairudi.

Ikibidi kununua mpya, kuna mtego ambao wengi hawaujui: betri dukani nayo inalala. Iliyokaa rafuni miaka miwili ni mgonjwa uleule kwenye boksi zuri. Mwombe muuzaji aipime mbele yako kwenye kiunganishi. Nzuri husoma kati ya 3.7 na 3.9. Ikisoma chini ya 3, irudishe, hata akikuahidi kuwa itaamka. Na usitegemee simu iwake kwa chaja peke yake betri ikiwa imetolewa. Simu nyingi hukataa bila betri, kwa sababu zinasoma joto na utambulisho kutoka kwenye kile kibodi.

Kabla hata ya kwenda kwa fundi, kaa chini ukumbuke namba yako ya siri au mchoro wa kufungulia. Simu iliyozimika ikiwaka upya haikubali kidole wala uso mpaka namba iingizwe kwanza, na ukikosea mara nyingi inakuongezea muda wa kusubiri. Tarehe inaweza kuwa imerudi miaka nyuma, na kwa sababu hiyo programu zitakataa kuunganishwa na mtandao. Irekebishe kwa mkono. WhatsApp hufuta akaunti ambayo haijatumika kwa siku 120, hivyo itakuomba ujiandikishe upya, na laini yako kama ilifungwa, ujumbe wa kuthibitisha hautakufikia. Usiifute programu ili uiweke upya. Vilivyomo ndani ya simu vinabaki mpaka utakapoifuta. Sauti na picha unaweza kuzinakili bila hata kuifungua WhatsApp, kwa waya hadi kwenye kompyuta, kutoka kwenye folda hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Ndani yake tafuta `WhatsApp Voice Notes` na `WhatsApp Images`. Kwenye simu zenye Android ya zamani kidogo, folda ya `WhatsApp` iko nje moja kwa moja. Nakili kwanza, mengine baadaye, hasa kama betri ni hiyohiyo iliyoamshwa.

Na kama mkataba unakurudisha Maskati ukaiacha simu tena, ichaji hadi asilimia 60 hivi, izime kwa kitufe, na isikae chini ya bati wala karibu na jiko. Mwachie mtu wa nyumbani chaja yake, aichomeke nusu saa kila baada ya miezi mitatu bila kuiwasha.